Mgomba Uliokatwa kwa Ajili ya Foto

Majani ya mgomba wa Mama Virginie yalipoanza kulegea, alikasirika kama mama aliyejibiwa vibaya na mtoto wake mwenyewe. Alikuwa ameubebea maji kiangazi chote, ndoo kwa ndoo kutoka kijitoni, hadi majirani wa ng'ambo wakamcheka kwamba anaiogesha migomba kuliko wajukuu. Mgomba unaonyweshwa hivyo una haki gani ya kunyauka?

Shamba lake lilikuwa ukanda mwembamba kando ya kijito, pale nyumba za mtaa wa Hewa Bora zinapokwisha na udongo mwekundu unapoanza kuwa mweusi kwa unyevu. Mumewe, mtu wa reli, alimwachia ukanda huo pamoja na koti la kazi na rozari ya mbao. Upande wa juu alipanda ndizi za kupika. Upande wa maji alipanda zile tamu, ndogo, zenye ganda jembamba, ambazo matajiri wa villa za mtaa wa Golf walizipenda kiasi kwamba hawakutaka ndizi tu. Walitaka na machipukizi yake, wakapande nyuma ya nyumba zao. Mama Virginie aliwauzia. Kwa machipukizi hayo ndiyo alikuwa anaishi, na kila mtu wa kijito alijua.

Basi siku ya Ijumaa alimwita Nono, jirani yake wa shamba, mwanamke mwenye simu kubwa na mdomo mkubwa zaidi, aje apige picha.

"Nono, kuya unipikie foto. Tutume kwa agronome."

"Ya weye ao ya mugomba?" Nono aliuliza. "Kama ni ya weye, nitaomba usuke nywele kwanza."

"Ya mugomba. Miye nilishapigwa foto ya ndoa, inatosha."

Agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, aliitwa Faustin. Alisomea chuo kikuu kule Kasapa, akawa mshauri wa chama cha wakulima wa ndizi wa kijito. Hakuweza kufika kila wiki, kwa hiyo walikuwa na kikundi cha simu: mtu anatuma picha ya jani au ya shina, Faustin anajibu kwa sauti. Wiki iliyotangulia alikuwa amewaambia wote, "Mukiona mugomba unanyauka, mutume foto ya majani, na foto ya shina yenye kukatwa. Shina njo inasema mambo ya ndani."

Nono alikuwa tayari ameinua simu, lakini Mama Virginie alimshika mkono. Mgomba ulikuwa na majani makavu ya chini, ya manjano na ya kahawia, yameinama kuzunguka shina lote kama sketi iliyochanika.

"Ngoja. Siwezi kutuma foto ya kintu chafu hivi kwa muntu mukubwa."

Akachukua panga, akayakata yote yaliyoning'inia, moja baada ya jingine. Akafagia chini. Mgomba ukabaki na majani ya juu tu, machache, yaliyolegea kama mikono ya mtu aliyechoka. Nono akapiga foto ya kwanza. Kisha Mama Virginie akachagua shina moja katika kichaka kile kile, akalikata kwa mshazari. Kabla Nono hajasogea, akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa parokiani. Akadondosha kidogo kwenye kidole gumba, akapiga ishara ya msalaba juu ya kidonda cha mgomba, polepole, midomo ikitembea. Hakuwa na aibu nalo. Alikuwa amefanya hivyo kwa mtoto mwenye homa, kwa mlango wa nyumba mpya, kwa mguu wa mbuzi. Kitu kilichoumia kinaombewa, kisha kinatibiwa.

"Sasa pika," alisema.

Nono akapiga foto ya pili, kwa karibu sana, jua likiwa kali. Akatuma zote mbili.

Jibu lilikuja Jumapili, watu wakitoka misa. Faustin alisema kwa sauti ya mtu anayetembea barabarani, pikipiki zikipita nyuma yake: "Kwa hizi foto mbili, naona majani ya juu inalegea, na naona pa shina kama usaha ya manjano inatoka. Ikiwa ni vile, inaweza kuwa mnyauko wa bakteria, ile yenye ilimaliza ndizi kule Kivu. Mungoje nipate kuona vizuri. Na musitembeze panga toka mugomba moja kwenda mwingine bila kuisafisha, juu panga njo inabeba ugonjwa."

Hayo ndiyo aliyosema. Lakini maneno yanayosikilizwa na watu wenye hofu hayabaki yalivyo. Kabla ya jioni, prezida wa chama, Papa Pierre Kangwa, alikuwa amekwisha kutuma sauti yake mwenyewe kwenye kikundi. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mwenye shamba la ndizi chini kidogo ya lile la Mama Virginie, na shemeji yake wa Kivu alimsimulia jinsi watu walivyoamka wakakuta migomba yao inaoza imesimama. Alisema: "Agronome amesema ni ile ya Kivu. Kesho asubuhi tutakata migomba yote ya Mama Virginie, ya tamu na ya kupika, tuizike, kabla ya kijito yote kufa. Mama Virginie, tunakuheshimu. Lakini shamba ya moja haiwezi kuua shamba ya bote."

Mama Virginie hakuwa na simu ya aina hiyo. Nono ndiye aliyekuja kumsikilizisha, akiwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Rudisha," Mama Virginie alisema.

Nono akairudisha.

"Ile ya Faustin pia."

Akasikiliza ile ya Faustin mara mbili, macho yameelekea ukutani. Kisha akaenda kukoroga bukari, ugali wa jioni, kama siku nyingine yoyote. Nono alisubiri amsikie akilia, hakumsikia.

Asubuhi walipofika, walimkuta amesimama pale kijia kinapoingilia shamba lake. Papa Pierre alikuja na Chola, mtu mzima mwenye mabega mapana anayekodishwa kwa kazi za kukata, na wanaume wengine wawili wa chama. Kila mmoja alikuwa na panga. Mama Virginie hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa amejifunga kitenge kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kufanya kazi na si kubishana.

"Bonjour, ba Kangwa."

"Bonjour, mama. Umesikia ya jana."

"Nilisikia. Nilisikia na ya Faustin. Panga yenu imetoka wapi lelo?"

Papa Pierre akalitazama panga lake kana kwamba halijui. "Inatoka ku nyumba."

"Na ya Chola?"

Chola alikuwa mtu wa kusema kweli. "Miye nilikuwa nakata migomba ya ba Kangwa jana, mama. Ile ya kukauka."

"Uliiosha?"

"Niliipanguza pa majani."

"Haya," Mama Virginie alisema, wala hakupaza sauti. "Kama kwangu iko ile ya bakteria, munaingia na panga, munakata mugomba ya mugonjwa, kisha munakata ya muzima, kisha Chola anarudi kwako. Munatembeza ugonjwa kijito yote, halafu munasema ni Virginie aliua. Kama kwangu haiko ile, munanimaliza bule. Kwa njia zote mbili, hapa hamuingie."

"Mama, usitufanye bitoto," Papa Pierre alisema. "Tunaokoa chama."

"Okoa. Lakini anza kwa kuosha panga."

Mmoja wa wanaume alicheka kidogo, akanyamaza alipomwona prezida. Papa Pierre akapiga hatua moja mbele. Mama Virginie hakurudi nyuma. Walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni ya shati lake.

"Ba Kangwa," alisema, "unanijua tangu bwana yangu iko muzima. Ulishaniona nikitoka njiani?"

Papa Pierre alitoa simu, akatafuta, akainyoosha mbele ya uso wa Mama Virginie. "Angalia mwenyewe basi. Usaha ile pale. Macho yako iko muzima, mama?"

Mama Virginie alichukua simu. Alikuwa hajaona foto ile tangu ilipopigwa. Papa Pierre aliikuza kwa vidole hadi kidonda cha shina kikajaza kioo chote: nyama nyeupe ya mgomba yenye vidoti vya kahawia, jua likimetameta, na juu yake matone ya manjano, manene, yanayong'aa. Kwa kweli yalifanana na usaha. Mtu yeyote angesema hivyo.

Akatazama zaidi. Matone hayakuwa yametapakaa kila mahali. Yalikwenda kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, kisha mstari mwingine, mfupi, kwa pembeni. Akaona mahali kidole chake kilipobonyeza.

"Nono," aliita. Nono alikuwa nyuma, akijifanya anatafuta kitu kwenye mboga zake. "Kuya uone. Hii ni nini?"

Nono akainamia simu. Akaangalia kwa muda. Kisha akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika.

"Ba Kangwa," alisema, "ile ni mafuta ya parokia. Mama alibatiza mugomba. Miye nilikuwa pale, nilipika foto ya batizo."

"Haikuwa batizo," Mama Virginie alisema. "Nilikuwa naombea. Na nitaombea tena."

Papa Pierre akamrudishia jicho la shaka. "Lelo njo mafuta, jana haikuwa mafuta. Muntu akipoteza shamba, anakumbuka mambo mingi."

"Pigia Faustin," Mama Virginie alisema. "Hapa. Na sauti iwe kubwa bote basikie. Kama akisema tukate, miye mwenyewe nitakupatia panga."

Faustin alipokea akiwa bado anakula, wakamsikia akimeza. Papa Pierre alimweleza kwa haraka, kisha Mama Virginie akaweka mdomo karibu na simu, akasema yake: mafuta, kidole gumba, msalaba.

"Mama, ulitia mafuta pa shina mbele ya foto?"

"Njo, nilitia."

"Na ile majani. Kwa foto naona majani ya juu tu. Ya chini iko wapi?"

"Nilikata. Ilikuwa imekauka, imezunguka mugomba kama sketi. Wewe utapika foto ya nyumba yako haijafagiliwa?"

Faustin alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyepigwa kidogo. "Basi nilisoma kitabu yenye imechanwa kurasa, na nilisema haraka. Miye pia nilipaswa kukuuliza mbele ya kutoa sauti. Ba Kangwa, muntu asikate kintu. Tutaanza upya, na simu ya kuonana. Mama Virginie, iko mugomba mwingine wa ile tamu wenye unaanza kuugua, wenye hukufagia?"

Ulikuwepo. Kule chini karibu na maji, kichaka kimoja ambacho alikuwa hajakigusa kwa sababu mgongo ulimuuma. Wakaenda wote, kwa mstari mmoja, Mama Virginie akitangulia na Nono akishika simu juu kama msaidizi wa padri na mshumaa. Lakini kabla hawajafika, Mama Virginie aliwasimamisha wanaume pale kijia kinapogeuka, akawaambia wabaki hapo na mapanga yao. Walibaki. Papa Pierre pekee ndiye aliyefuata, mikono mitupu.

"Simama mbali kwanza, Nono," sauti ya Faustin ilitoka kwenye simu. "Nionyeshe mugomba yote, toka chini mpaka juu. Vizuri. Ona sasa. Majani ya chini, ya zamani, njo imeanza. Angalia pembeni ya jani, manjano inaingia toka ukingo kwenda katikati. Na pale jani inaungana na shina, imevunjika, inaning'inia. Ya juu bado iko ya kijani. Ile ya bakteria mara nyingi haichagui vile, inaweza kulegeza hata jani changa. Shuka chini sasa, pa mguu ya mugomba."

Nono akashuka. Mama Virginie akaondoa majani makavu kwa mkono. Chini, karibu na udongo, shina lilikuwa limepasuka kwa urefu, ufa uliofunguka kama ganda la hindi.

"Nimeiona," Faustin alisema. "Ule ufa pia unasema kitu. Sasa mkungu. Iko mkungu?"

Ulikuwepo mdogo, bado wa kijani, na chini yake ua jekundu lenye afya, halijakauka, halijasinyaa. Mama Virginie akachuma ndizi moja, akaikata katikati kwa kisu chake kidogo. Ndani ilikuwa nyeupe, safi, bila doa.

"Ile ya Kivu," Faustin alisema, "mara nyingi ingekausha lile ua, ingeivisha ndizi mbele ya wakati yake, na ndani ingekuwa na madoa ya kahawia. Hapa hakuna. Sasa tukate shina. Panga gani?"

Mama Virginie aliwasha moto mdogo wa mabua, akaingiza ndani panga lake alilokuwa ameliacha shambani hadi likapata joto, akaliacha lipoe kidogo. Akalikata shina kwa pigo moja. Lilianguka upande wa maji.

"Usitie kintu, mama," Faustin alisema. "Hata sala ya kidole. Utasali na mdomo."

"Mungu anasikia na mdomo," Mama Virginie alisema.

"Nono, usisogee karibu sana, jua linaiba rangi. Kaa na kivuli chako juu yake. Hapo."

Kwenye nyama nyeupe ya shina kulikuwa na vidoti vyekundu vya kahawia, vingi, vimepangika kwa duara, tabaka ndani ya tabaka, kama vile mtu amechora kwa penseli ya kutu. Mama Virginie akapasua kipande kwa urefu, na vidoti vile vikawa nyuzi, nyekundu za kahawia, zinazopanda juu.

"Sasa tungoje," Faustin alisema. "Robo saa. Kama ni bakteria, usaha ya manjano itatoka yenyewe, bila muntu kuitia."

Wakangoja. Mama Virginie akatoa rozari, akasali kimya akiwa amesimama, macho hayatoki kwenye lile shina. Hakusali kwamba lisitoe usaha. Alikwisha kumwambia Mungu usiku kwamba anataka ukweli, hata kama ukweli ule utakuwa na panga. Papa Pierre alikaa juu ya jiwe. Alianza kuangalia majani yale yaliyoning'inia kama sketi, akaangalia tena, na uso wake ukabadilika rangi kidogo. Mama Virginie aliona.

Robo saa ilipita. Kilichotoka ni maji ya mgomba tu, yale meupe yanayonata kidole na kugeuka kahawia hewani. Usaha haukuja.

"Kitu cha mwisho," Faustin alisema. "Leteni glasi ya maji safi."

Nono akamimina maji ya kunywa kwenye glasi aliyokuja nayo kwa ajili ya chai yake, akilalamika kwamba sasa mgomba unakunywa vizuri kuliko yeye. Mama Virginie akakata kipande chembamba cha shina, akakichoma na kijiti, akakiweka ndani ya maji kwa juu tu, bila kutikisa. Wakaishika glasi mbele ya mwanga.

"Kama ni bakteria," Faustin alisema, "mutaona nyuzi kama maziwa zinateremka toka pa kile kipande. Angalieni vizuri. Musidanganye macho."

Waliangalia. Papa Pierre alisimama kutoka kwenye jiwe, akasogeza uso wake hadi pua ikakaribia glasi. Maji yalibaki maji.

"Haiko ile," Faustin alisema. "Ba Kangwa, haiko bakteria. Kwa hizi alama zote, ni Panama. Ni kuvu ya ndani ya bulongo, udongo hii yenye tunakanyaga, inaingia kwa mizizi, inaziba mishipa, mugomba unakufa kiu hata ukipewa maji. Laboratwari tu njo ingeapa kabisa, lakini kwa kazi ya shambani, hii inanitosha."

Mama Virginie akaweka glasi chini. "Dawa iko?"

"Hakuna dawa, mama. Siwezi kukudanganya. Ile tamu iko rafiki ya ugonjwa hii, ugonjwa inaipenda sana. Lakini ndizi zako za kupika kwa kawaida zinasimama. Hazikosi kuugua kabisa, lakini zinasimama. Usikate hizo."

Maneno hayo mawili, *usikate hizo*, Mama Virginie aliyapokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kwa mikono yote miwili.

"Na ile tamu?"

"Yenye kuugua, ikate, iache palepale, usiiburute mu shamba. Usipande tena tamu pale, bulongo inakumbuka miaka mingi. Usitoe chipukizi hata moja, hata kama inaonekana muzima. Ugonjwa inasafiri ndani ya chipukizi, na pa viatu, na pa jembe yenye bulongo. Osheni vyote, na javel, ile ya kufulia nguo nyeupe."

Aliposema neno chipukizi, Nono alimtazama Mama Virginie. Watu wa Golf walikuwa wamekwisha kuagiza ya mwezi ujao.

Simu ilipofungwa, Nono alileta beseni yenye maji ya javel, akaiweka pembeni ya kijia. Papa Pierre hakuondoka. Alimwambia Chola na wale wengine watangulie. Kisha alikaa tena kwenye jiwe lake, akavua kofia.

"Mama Virginie," alisema, sauti imeshuka. "Yale majani ya sketi. Na kwangu iko."

"Nilijua. Nilikuona ukiyaangalia."

"Nilifikiri ni jua ya kiangazi. Njo ile Chola alikuwa anakata jana." Alipangusa paji la uso. "Na machipukizi yangu nilitoa kwako. Na wewe ulipata kwa muntu mwingine. Hatutajua ilianza wapi."

"Hatutajua."

"Basi sikiliza neno. Tusiseme kwa kikundi. Tukate ya wagonjwa polepole, wewe yako, miye yangu. Tukisema Panama, watu ya Golf batasikia, watu ya soko batasikia, hata ndizi za kupika batakataa kununua kwa kijito. Bote tutakufa njaa juu ya sauti moja. Nyamaza tu, mama. Miye nitakutetea mu chama. Muntu hatagusa shamba yako tena."

Mama Virginie alikuwa anafunga rozari ndani ya kitambaa.

"Jana ulitaka kunikata mbele ya kijito yote," alisema. "Lelo unataka kunificha mbele ya kijito yote. Juu ya nini kila siku unanipangia?"

"Nakusaidia."

"Ba Kangwa, nilisimama njiani asubuhi juu foto ilidanganya. Sasa foto inasema kweli, na unataka miye nikae juu yake kama kuku. Muntu akinunua chipukizi kwangu mwezi kesho, akapanda kwake, akalia, nitamuombea na mdomo gani?"

"Utaishi na nini?"

"Na ndizi za kupika. Na mboga. Na Mungu. Sijakufa bado." Akamgeukia Nono. "Nipe simu yako. Onyesha pa kufinya."

"Mama," Nono alisema polepole, "ukishatuma, haitarudi."

"Njo maana nataka kutuma."

Nono akamwonyesha. Mama Virginie alibonyeza kwa kidole gumba kile kile, akakishikilia, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuita watu sokoni:

"Bonjour bote. Niko Virginie Mwape wa kijito. Ile foto ya Ijumaa ilikuwa na mafuta ya sala, si usaha. Nilitia miye, siombi msamaha juu ya sala, lakini musitie kintu pa shina mbele ya foto, na musifagie mugomba. Tumeangalia tena na agronome. Haiko ile ya Kivu. Iko Panama, mu ndizi tamu. Kwangu iko, na kwa bengine mu kijito iko. Muntu asinunue chipukizi ya tamu kwangu, hata akija na gari muzuri. Angalieni majani ya chini na mukate shina, mutaona nyuzi za kahawia. Na muntu yeyote mwenye atakuja ku shamba yangu na panga chafu, hata kama ni prezida, atarudi na panga yake. Ni hayo."

Akainua kidole. Simu ikafanya kile kimlio chake kidogo.

Papa Pierre alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Alipoinuka, hakukasirika wala hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Hukusema jina yangu."

"Kusema jina yako ni kazi yako. Utaisema lelo, ao Chola ataisema. Yeye alikata, anajua kile aliona."

Aliondoka kwa kijia, viatu vyake vikibeba udongo. Kisha akasimama, akatazama chini, akarudi hatua chache hadi kijitoni. Mama Virginie alimwona akiinama, akisugua soli kwa kijiti.

"Si mu kijito, ba Kangwa. Maji inashuka kwa bengine. Kule, pa ile beseni ya javel."

Papa Pierre akaenda pa beseni.

Nono alikuwa anasoma majibu yanayoingia kwenye simu, moja baada ya jingine: mwenye kulaumu, mwenye kushukuru, mwenye kuuliza kama ndizi alizokula jana zitamuua. "Hizi hazikuui, mulafi," alimjibu huyo wa mwisho kwa sauti, kisha akamgeukia Mama Virginie. "Muntu moja ya Golf ameshatumiwa sauti yako, anauliza kama unasema kweli."

"Mwambie kweli."

Alikwisha kurudisha panga motoni. Alipolitoa, alikwenda upande wa maji, kwa zile tamu alizozibebea ndoo kiangazi chote, akasimama mbele ya kile kichaka cha kwanza, kile alichokifagia kwa heshima ya agronome. Hakumwita Chola. Akafunga kitenge upya, akainua mkono, akakata. Shina likaanguka pale pale liliposimama. Akalitazama lile duara la vidoti vya kutu, akaingiza panga motoni tena, akahamia la pili. Nyuma yake, upande wa juu, ndizi za kupika zilikuwa zimesimama na majani yake wima.